Sura ya 7: Barua kwa Mtu Aliyekuzidi Miaka Mitano

"Nijiandikie barua mwenyewe, kwani nimejisahau?" Swali hili huulizwa kwa kicheko, na anayeuliza ana haki ya kucheka. Barua huandikiwa mtu aliye mbali. Wewe huhitaji bahasha ili ujikumbushe kwamba unataka kiwanja, au kwamba unaogopa kufukuzwa kazi. Unachokitaka unakijua, na unachokiogopa ndicho kinachokunyima usingizi. Karatasi ya nini?

Karatasi ni kwa sababu utasahau. Hutasahau kwamba ulitaka kiwanja, la. Utasahau ulikitaka kwa bei gani, ulidhani utakipata lini, ulikitaka kwa sababu ipi, na siku ile ulikuwa na uhakika kiasi gani. Tena hutajua kwamba umesahau, maana kichwa hakiachi pengo wazi. Hulijaza kwa yale yaliyokwisha kutokea, kisha kikakuambia kwamba hivyo ndivyo ulivyofikiri tangu mwanzo.

Sura hii inahusu barua inayoandikwa leo na kufunguliwa baada ya miaka mitano. Ndani yake mna mambo matatu: malengo, hofu na ahadi. Watu wengi huziandika barua za namna hii, na nyingi zikifunguliwa huleta machozi kidogo na kicheko kidogo, basi. Hazisemi lolote linaloweza kuhakikiwa. Tutatazama jinsi ya kuandika ile inayohakikika.

Kwanza, hadithi ya Yale

Huenda umeisikia kwenye semina. Mwaka 1953, wanasema, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani waliulizwa kama wameandika malengo yao. Asilimia 3 tu walikuwa wameandika. Miaka 20 baadaye, asilimia 3 hao wakakutwa na mali nyingi kuliko wale 97 wote wakijumlishwa pamoja.

Ni hadithi tamu, na haina ukweli. Waliokwenda kuutafuta utafiti huo Yale hawakuupata, na chuo chenyewe hakina kumbukumbu kwamba uliwahi kufanyika. Hata hivyo bado unasimuliwa kwenye majukwaa, maana unamwahidi msikilizaji utajiri kwa gharama ya kalamu na karatasi.

Naitaja mapema ili tusidanganyane. Barua hii haitakuletea nyumba. Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo, ila inafanyika kweli: inakupa ushahidi wa ulivyofikiri, ulioandikwa kabla matokeo hayajajulikana. Ushahidi wa aina hiyo huwezi kuupata kwa njia nyingine, hata ukikaa ukatafakari usiku kucha.

Kumbukumbu humfuata mshindi

Mwaka 1972 Rais Richard Nixon wa Marekani alikuwa anajiandaa kwenda China na Umoja wa Kisovieti, safari zilizoishangaza dunia. Watafiti wawili nchini Israeli, Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, waliwapa wanafunzi orodha ya mambo yanayoweza kutokea safarini: Nixon atakutana na Mao Zedong, Nixon atatangaza kwamba ziara imefanikiwa, na mengine ya jinsi hiyo. Kila mwanafunzi aliandika anaona kila jambo lina nafasi kiasi gani ya kutokea.

Safari zikaisha. Wanafunzi wakaombwa wakumbuke namba walizoziandika wenyewe. Kwa mambo waliyoamini yametokea, wengi wao walikumbuka namba kubwa kuliko zile walizoandika kweli. Hawakuwa wanadanganya. Walijikumbuka wakiwa werevu kuliko walivyokuwa.

Tabia hii ya akili tunaweza kuiita "nilijua tu". Pita kijiweni asubuhi baada ya mechi ya Simba na Yanga utaisikia: wote walijua. Kocha alikosea kupanga kikosi, na kila aliyeketi kwenye benchi anakuambia alilisema hilo tangu Alhamisi. Kwenye mpira haina hasara. Kwenye maisha yako ina hasara moja kubwa. Kama kila kilichotokea "ulikijua", basi hujawahi kukosea, na asiyewahi kukosea hana cha kurekebisha anapopanga tena.

> Kwa ufupi: Barua kwa nafsi yako ya miaka mitano ijayo ni kumbukumbu ambayo matokeo hayawezi kuigusa. Thamani yake inategemea kama imeandikwa kwa namna inayoweza kukukosoa.

Fundi wetu wa mfano

Ili tusizungumze hewani, tumchukue mtu wa kubuni. Ni fundi cherehani wa Morogoro, umri wake miaka 31, amepanga fremu karibu na stendi na anaishi zaidi kwa kushona sare za shule. Ana mtoto wa miaka minne. Siku anayoandika ni Jumapili, tarehe 14 Juni 2020. Shule za msingi Tanzania zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na vitambaa vya bluu na nyeupe vimelala kabatini.

Anaanza hivi:

*"Shikamoo dada. Mimi ni wewe wa mwaka 2020. Nakuandikia nikiwa kwenye fremu, mlango nusu, wateja hakuna. Mfukoni nina elfu kumi na nane. Nitakueleza ninachokitaka, ninachokiogopa na ninachokuahidi. Usinicheke kabla hujasoma mpaka mwisho."*

Hiyo shikamoo inaweza kuonekana utani, lakini mimi naipenda. Mtu atakayefungua barua hii amemzidi mwandishi miaka mitano. Ni mkubwa wake, ameona zaidi. Ukimwamkia kama mkubwa hutamwamrisha, wala hutamhubiria. Utamweleza hali. Barua nyingi za aina hii huharibika kwa sababu zimeandikwa kama risala ya mgeni rasmi: "Hakikisha umefanikiwa! Usikate tamaa!" Dada wa 2025 hana la kufanya na maneno hayo. Ile elfu kumi na nane ya mfukoni, hiyo ina maana kwake.

Kwa hiyo anza na hali ilivyo. Una shilingi ngapi, unalala wapi, unadaiwa na nani, sukari na unga ni bei gani, nani anakula chungu kimoja nawe. Nusu ukurasa unatosha. Utashangaa baadaye kwamba sehemu hii, ambayo ulidhani ya kawaida mno, ndiyo uliyoisahau kuliko zote.

Malengo: hela peke yake haitoshi

Rasimu ya kwanza ya fundi wetu ilisema: "Nataka niwe na maisha mazuri na akiba ya kutosha." Sentensi hii haiwezi kuwa ya uongo. Hata akiwa na laki mbili mwaka 2025 atasema zinatosha kwa hali yake, na hata akiwa na milioni kumi atasema bado. Barua inahitaji sentensi inayoweza kuanguka.

Rasimu ya pili: "Ifikapo tarehe 14 Juni 2025 niwe na shilingi 3,000,000." Afadhali. Sasa kuna namba na kuna siku, na hesabu yake ni rahisi: miaka mitano ni miezi 60, kwa hiyo ni 50,000 kila mwezi. Lakini hapa kuna mtego ambao watu wengi hawauoni mpaka wafungue bahasha. Shilingi ya 2025 si shilingi ya 2020. Bei za vitu kwa jumla hupanda mwaka hadi mwaka, hali inayoitwa mfumuko wa bei. Tuchukulie unapanda kwa asilimia 4 tu kwa mwaka, kiwango ambacho hakimtishi mtu. Baada ya miaka mitano, kitu kilichouzwa 3,000,000 kitauzwa karibu 3,650,000. Anaweza kutimiza lengo lake hadi shilingi ya mwisho na bado akakosa alichokuwa anakitafuta.

Kwa hiyo rasimu ya tatu, ndiyo iliyoingia kwenye bahasha:

*"Nataka kiwanja cha mita 20 kwa 20 upande wa pili wa reli, chenye hati ya mauziano niliyosaini mimi. Leo kinauzwa milioni 3. Naweka angalau elfu 50 kila mwezi. Nadhani nitakipata Juni 2024. Mambo yakienda vibaya, Juni 2025. Nakitaka kwa sababu kila mwezi wa kodi tumbo linaniuma, na sitaki mtoto akue akiniona naumwa hivyo."*

Angalia alivyofanya. Ametaja kitu, bei ya leo, mchango wa kila mwezi na tarehe mbili. Kuhusu tarehe, kuna sababu ya kuandika mbili. Watafiti nchini Canada waliwahi kuwauliza wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu zao: itakuchukua siku ngapi? Kwa wastani walisema 34. Wakaulizwa tena, na mambo yote yakienda vibaya kabisa? Wakasema kama 49. Ikawachukua 55. Yaani hata walipojilazimisha kukisia mabaya, walikisia mabaya ya mtu mwenye matumaini. Tarehe yako ya pili itakuambia jambo hilo hilo kuhusu wewe, na utaweza kuona umezidiwa kwa miezi mingapi.

Halafu ile sababu. Usiiache. Watu wa umri wowote, wakiulizwa, hukubali kwamba wamebadilika sana miaka iliyopita, lakini hudhani kuanzia sasa watabaki walivyo. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2013 uliwahoji zaidi ya watu 19,000, na hali ilikuwa hivyo kwa vijana na kwa wazee. Mtu atakayefungua barua huenda hataki tena kiwanja. Kama umemwachia lengo tupu, ataona ameshindwa. Kama umemwachia na sababu, anaweza kuuliza swali la maana zaidi: je, tumbo bado linauma mwezi wa kodi?

Hofu: ipe alama

Hofu ndiyo sehemu ambayo watu huiruka, au huiandika kwa mafumbo. Ni bahati mbaya, maana ndiyo inayofundisha haraka kuliko zote.

Kwa kila hofu, fundi wetu ameandika mambo mawili: itahesabika imetokea nikiona nini, na naipa nafasi ngapi kati ya 10 ya kutokea kabla sijafungua barua. Sifuri ni haiwezekani, kumi ni lazima.

- Shule hazitafunguliwa mpaka mwakani: 7.
- Nitatolewa kwenye fremu hii, yaani mwenye fremu aniambie nitoe vitu: 4.
- Biashara itakufa, yaani nirudishe fremu nikashonee nyumbani: 5.
- Mama ataugua ugonjwa wa kutumia dawa kila siku: 6.

Lile neno "yaani" ndilo linalofanya kazi. "Biashara itakufa" inaweza kumaanisha chochote. Kila msimu mbaya inakufa na kila Januari inafufuka. Kurudisha fremu ni tukio lenye tarehe.

Namba nazo zinataka maelezo. Ukiandika 7, hujasema kwamba jambo litatokea. Umesema kwamba ukiwa na hofu kumi za uzito huo, unategemea saba zitokee. Hofu moja ya 7 isipotokea hujakosea. Lakini kama uliandika hofu tano za 7 na 8 na hakuna hata moja iliyotokea, hapo kuna habari: wewe ni mtu anayetisha nafsi yake kupita kiasi, na mara nyingine ukijisikia "saba" moyoni unaweza kuisoma kama tatu. Kwa mwingine itakuwa kinyume. Aliandika moja moja kila mahali, na nusu ya mambo yakamkuta. Huyo anahitaji akiba ya dharura kuliko anavyodhani. Ila barua moja yenye hofu nne au tano haiwezi kuthibitisha tabia yako, inakudokezea tu. Barua ya pili ndiyo inayoanza kuaminika.

Kuna utafiti mmoja unaofariji hapa, na ambao haupaswi kukufariji sana. Watu wenye maradhi ya wasiwasi wa kudumu waliandika kila walichokihofia kwa siku 10, kisha wakafuatilia kwa mwezi kama kimetokea. Karibu hofu 91 katika kila 100 hazikutokea. Ni jambo la kupumua. Lakini walikuwa wachache, chini ya 30, na muda wao ulikuwa mwezi. Miaka mitano ni mirefu. Ndani yake wazazi wanazeeka, na hofu ya fundi juu ya mama yake haifanani na hofu ya fremu. Swali lake ni lini, zaidi ya kama. Hofu za namna hiyo nashauri uzihamishie kwenye sehemu ya tatu ya barua: mama akianza dawa za kila siku, nani atazilipia, nani atampeleka kliniki.

Ahadi: taja shahidi

Watu huchanganya lengo na ahadi. Kiwanja ni lengo, kwa sababu kinategemea muuzaji, bei na afya yako. Ahadi ni lile linalokutegemea wewe peke yako, kiasi kwamba usipolitenda huna wa kumsingizia.

Mbali na zamu za kliniki za mama, fundi wetu aliandika tatu. Ya kwanza: *"Sitachukua mkopo wa kausha damu. Nikibanwa nitauza cherehani ya mguu kwanza, kisha niende kikoba."* Kwa msomaji aliyebahatika kutoujua, kausha damu ni mkopo wa haraka wa mtaani, wa riba kubwa na marejesho ya kila siku au kila wiki, ambao mkopeshaji huja kudai mpaka mlangoni. Uzuri wa ahadi hii ni kwamba imejibu swali la "nikibanwa je?" kabla ya kubanwa. Ahadi inayosema tu "sitakopa" huvunjwa siku ya kwanza mtoto anapougua, kwa sababu siku hiyo hakuna njia nyingine iliyoandaliwa.

Ya pili: *"Msaidizi wangu atalipwa kila Jumamosi, hata wiki mbaya."*

Ya tatu ilimsumbua. Aliandika "nitakuwa mama mpole", akaifuta, maana hakuna mama anayejiona mkali. Akaandika: *"Sitampiga mtoto kwa hasira za dukani."*

Sasa nani atakagua? Malengo hukaguliwa kwa karatasi: hati, daftari la akiba, risiti. Hofu hukaguliwa kwa kalenda. Ahadi ukijikagulia mwenyewe utajipa vema, kwa kuwa kumbukumbu ile ile inayosema "nilijua tu" ina ndugu yake anayesema "nilijitahidi". Kwa hiyo kando ya kila ahadi andika jina la aliyeahidiwa, na siku ya kufungua uende ukamuulize yeye. Kausha damu: katibu wa kikoba anajua. Mshahara: msaidizi mwenyewe. Ya mtoto: mtoto, ambaye wakati huo atakuwa na miaka tisa na atakumbuka vizuri sana.

Ongeza na mstari wa kukufungua. Ahadi nyingine hupoteza maana hali ikibadilika, na mtu huendelea kuitumikia kwa ukaidi. "Ahadi hii inaisha msaidizi akiacha kazi kwa hiari yake" ni sentensi fupi, na itakuepusha na hukumu isiyo ya haki.

> Kwa ufupi:
> - Lengo: kitu, bei ya leo, tarehe mbili, sababu.
> - Hofu: itahesabika nikiona nini, na alama kati ya 10.
> - Ahadi: nikibanwa nitafanya nini, shahidi ni nani, inaisha lini.

Bahasha ikae wapi

Wengi siku hizi watataka kuiweka kwenye simu. Simu yenyewe haitafika; wachache hukaa na simu moja miaka mitano. Barua pepe ni afadhali, lakini akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa na vyote vilivyomo, na namba ya simu iliyoisajili, ikikaa bila kutumika, hugawiwa mtu mwingine. Hapo hata kurudishiwa neno la siri ni shida.

Karatasi ina maadui wake, lakini tunawajua: unyevu, mchwa, mende, na mtoto anayetafuta pa kuchora. Andika kwa kalamu ya kawaida ya wino mzito au kwa penseli. Penseli haichujuki kwa maji wala haififii kwa kukaa. Usiambatishe risiti za dukani ukitegemea zitasomeka. Nyingi huchapwa kwenye karatasi inayopata weusi kwa joto, na maandishi yake hupotea. Nakili bei kwa mkono. Tia barua kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, na uiweke pale zinapokaa hati ambazo hutathubutu kuzipoteza: vyeti vya kuzaliwa, mkataba wa nyumba. Usiifukie. Juu yake andika tarehe ya kufunguliwa, na nani aifungue, au aichome, kama wewe hutakuwepo.

Ukihisi kwamba mwenzi wako ataisoma, utaandika kwa ajili yake bila kukusudia, na hofu za kweli hutaziandika. Mpe ndugu asiye na udaku akutunzie. Namba za siri za benki usiziweke humo kabisa.

Siku ya kufungua

Hapa ndipo wengi hupoteza nusu ya faida kwa sekunde moja. Wanachana bahasha.

Usichane kwanza. Chukua karatasi tupu uandike unachokumbuka kuwa kimo ndani: malengo gani, tarehe zipi, hofu zipi na alama ulizozipa. Andika hata kama unabahatisha. Hii tuiite karatasi ya kumbukumbu. Ukishafungua barua huwezi tena kuiandika kwa haki.

Tarehe 14 Juni 2025 fundi wetu anaandika yake. Anakumbuka kiwanja. Anakumbuka aliahidi kutokopa. Kuhusu shule anaandika: "Niliogopa kidogo, lakini nilijua zitafunguliwa tu. Labda nilitoa 3." Kuhusu kiwanja: "Nilipanga 2025."

Anafungua. Shule: 7. Siku mbili baada ya yeye kuifunga bahasha, Rais John Magufuli alitangaza Dodoma kwamba shule zote zifunguliwe tarehe 29 Juni, na kufika Julai alikuwa anashona usiku. Kichwa kikafuta saba, kikaweka tatu. Kiwanja: alipanga 2024, na 2025 ilikuwa tarehe ya mambo kuwa mabaya kabisa. Bila barua angejihesabu kwamba amechelewa kidogo tu.

Kisha anapita mstari kwa mstari na kalamu nyekundu, akiweka alama moja kati ya tatu: vema, kosa, au H, yaani haipimiki. Kiwanja, kosa: daftari lina 2,900,000, na viwanja vya upande ule sasa vinaanzia milioni tano. Fremu, hofu haikutokea. Kodi ilipanda, lakini hakuambiwa atoke. Biashara haikufa. Mama alianza dawa za sukari mwaka 2023, na kwa sababu zamu za kliniki zilikuwa zimeandikwa, ndugu hawakugombana sana. Kausha damu, vema, na katibu wa kikoba anathibitisha. Msaidizi, alipoulizwa, alitaja Jumamosi mbili. Mtoto alifikiri kidogo, akataja siku moja, na nguo aliyokuwa ameivaa.

Baada ya hapo kuna orodha ya mwisho, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito: mambo yaliyomtikisa ambayo hayamo kabisa kwenye barua. Fundi ameandika mawili. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, ambayo ilifanya wazazi waanze kuomba wakatwe gharama ya kutuma. Na msaidizi wake wa zamani aliyefungua fremu yake ng'ambo ya barabara, akaondoka na shule mbili. La kwanza hakuna fundi ambaye angelijua. La pili lilikuwa mbele ya macho yake kila Jumamosi, na halikupewa hata alama moja kati ya kumi.

Ukimaliza, hesabu alama zako za H. Barua ya kwanza huwa nazo nyingi, na kila H ni sentensi uliyoiandika kwa namna isiyoweza kuanguka. Andika barua ya pili jioni hiyo hiyo, kabla hujaanza kuyazoea matokeo, na uanze kwa kuziandika upya sentensi hizo zenye H.